Leseni Si Hisani: Kabla ya Kusema "Siasa", Uliza Kama Alisikilizwa

Ndugu zangu, kila mfanyabiashara anayejulikana kuwa ni mwenzetu akifutiwa leseni, sisi tunakimbilia neno moja tu: siasa. Tunaliandika kwa herufi kubwa, tunaweka picha ya duka lenye kufuli, watu wanasambaza, kesho yake tumeshahamia kwenye jambo jingine. Mara nyingi hata hatujakosea, ni siasa kweli. Lakini mbele ya jaji hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote tulizonazo, na ipo hoja nyingine yenye meno ambayo tunaikanyaga kila siku bila kuiokota. Najua baadhi yenu hamtapenda kusikia hivyo.

Nia ya mtu iko kichwani mwake. Afisa biashara hawezi kuandika kwenye barua kwamba anakufungia kwa sababu uliwakodishia wapinzani uwani kwako. Ataandika choo, ataandika mizani, ataandika usafi. Wewe utasema siasa, yeye atasema usafi, na kumthibitishia jaji kwamba usafi ni kisingizio ni kazi kubwa. Lakini swali la kama mtu alisikilizwa kabla ya leseni yake kufutwa halihitaji kuingia kichwani mwa mtu yeyote. Linajibiwa na karatasi mbili: barua ya kufuta leseni, na barua iliyopaswa kuitangulia. Kama ya pili haipo, haipo.

Niwape mfano ninaoujua kwa karibu. Sitataja mji wala halmashauri, mama mwenyewe hataki. Ana duka la nafaka na vinywaji baridi, na nyuma kuna uwanja mdogo wenye viti vya plastiki ambao anaukodisha kwa vikao vya harusi, vya misiba, na safari moja kwa kikao cha tawi letu. Leseni yake ni ya mwaka mmoja, ada ililipwa yote, stakabadhi anayo. Mwezi wa tano wa leseni hiyo, siku 9 baada ya kikao chetu, walikuja mgambo wawili na kijana wa ofisi ya biashara. Wakachukua leseni ukutani, wakamwachia barua ya mistari miwili: leseni yako imefutwa kuanzia leo kwa kukiuka masharti. Masharti gani, hakuna. Nani alilalamika, hakuna. Alipouliza, akajibiwa aende ofisini. Ofisini akaambiwa bosi yuko semina.

Kuna kitu kimoja alikuwa nacho na hakujua thamani yake. Mwanzoni mwa mwaka halmashauri ilibandika tangazo kwenye ubao, lenye muhuri, likisema mfanyabiashara atakayekutwa na kasoro atapewa notisi ya siku 14 ya kurekebisha kabla ya hatua nyingine kuchukuliwa. Mama alilipiga picha kwa simu ili amtumie mdogo wake, naye ana kibanda. Picha ile ni dhahabu, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na fikra iliyo nyuma ya barua ya mistari miwili. Afisa anaamini leseni ni hisani: serikali imekupa, serikali inachukua, unalalamika nini? Fikra hiyo ina historia, na inashangaza ilivyo karibu na kesi ya mama yetu. Huko Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, enzi za mkoloni, kulikuwa na mfanyabiashara wa nguo aliyeitwa Nakkuda Ali. Msimamizi wa nguo alimfutia leseni kwa kutumia kanuni za wakati wa vita zilizomruhusu kufanya hivyo akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba mfanyabiashara hafai kuendelea. Kesi ilipanda hadi Baraza la Faragha kule London, ambalo lilikuwa ndiyo mahakama ya mwisho ya makoloni. Mwaka 1950 Baraza likasema kwamba msimamizi anapofuta leseni haamui haki ya mtu, anaondoa tu fursa aliyokuwa amempa, kwa hiyo halazimiki kufuata utaratibu wa kimahakama. Kwa haki, Baraza lilisema pia kwamba sababu za msingi lazima ziwepo kweli, si kwenye mawazo ya msimamizi tu, na kwamba Nakkuda Ali alikuwa amepewa nafasi ya kujieleza kwa maandishi. Angalieni hapo: hata yule msimamizi wa kikoloni aliandika barua kwanza.

Fikra ya hisani haikudumu hata huko ilikotoka. Mwaka 1963, katika kesi ya Ridge, mkuu wa polisi wa mji wa Brighton aliyefukuzwa kazi bila kuitwa, mahakama ya juu ya Uingereza ilisema kinachotazamwa ni uamuzi unamfanya nini mtu. Kama unamnyang'anya kazi au riziki, wajibu wa kumsikiliza unatokana na jambo lenyewe, hata kama sheria haikuandika neno "kusikiliza". Uamuzi wa Nakkuda Ali ukakosolewa hapo hapo.

Sasa matarajio halali. Neno hili watu wanalitumia ovyo, kana kwamba lina maana ya "nilitegemea wangenitendea vizuri". Hapana. Lilianza kupata umbo katika kesi ya wanafunzi wa kigeni waliokuwa wakisoma Uingereza kwa vibali vya muda, mwishoni mwa miaka ya 1960, kesi ya Schmidt. Vibali vyao viliisha, wakaomba kuongezewa, wakakataliwa bila kusikilizwa. Walishindwa. Lakini Jaji Denning alipowakatalia alisema jambo ambalo limeishi kuliko kesi yenyewe: kibali kikifutwa kabla ya muda wake kuisha, mwenye nacho anapaswa kupewa nafasi ya kujieleza, kwa sababu ana matarajio halali ya kukaa muda wote aliopewa.

Soma tena hapo polepole, halafu weka leseni ya mama mahali pa kibali. Miezi 12 ilitolewa na halmashauri yenyewe, kwa maandishi, na ada ikapokelewa. Miezi 7 ilikuwa imebaki. Alinunua magunia kwa mkopo akitegemea miezi hiyo. Matarajio yake hayakuota kichwani mwake, halmashauri ndiyo iliyoyapanda. Na lile tangazo la siku 14 ni safu ya pili juu yake: si tu kwamba angeendelea hadi mwisho wa mwaka, bali pia kwamba kasoro ikionekana ataambiwa na kupewa muda. Mamlaka ikitangaza utaratibu itakaoufuata, haiwezi kuuruka kimya kimya kwa mtu mmoja kwa sababu imeamka vibaya.

Lakini tusijidanganye kuhusu mipaka. Kuna watu watatu tofauti hapa na sisi huwachanganya. Wa kwanza ananyang'anywa leseni aliyo nayo, kama mama. Huyu ana ulinzi mkubwa kabisa: aambiwe tuhuma, asikilizwe, na anayeamua asiwe na upande. Wa pili leseni imeisha, anaomba kuhuisha. Yuko katikati, na kama miaka yote amehuishiwa bila tatizo, ana haki ya kuambiwa kimebadilika nini. Wa tatu anaomba kwa mara ya kwanza. Huyu hana cha kupoteza bado, na anachoweza kudai kwa uhakika ni kwamba ombi lake liangaliwe kwa uaminifu na bila upendeleo. Mgawanyo huu uliwekwa wazi mwaka 1978 na Jaji Megarry katika kesi ya bwana McInnes aliyekuwa akitafuta leseni ya kuwa meneja wa mabondia. Alikuwa mtu wa tatu, na alishindwa. Kwa hiyo mwenzetu akinyimwa leseni mpya msinitumie ujumbe usiku kwamba "tuna kesi kama ya yule mama". Yake ni nyingine, na ngumu zaidi.

Kuna kesi moja ya sokoni ambayo ningependa kila katibu wa tawi aijue. Barnsley, Uingereza, Oktoba 1974. Bwana Hook, muuza bidhaa sokoni, jioni soko limeshafungwa na vyoo vimeshafungwa, alijisaidia haja ndogo pembeni mwa uchochoro. Mfanyakazi wa halmashauri akamwona, wakatupiana maneno makali. Meneja wa soko akamfutia leseni, na kumpiga marufuku maisha. Sasa, yeye alipewa kikao! Aliitwa mbele ya kamati ya halmashauri, na mwakilishi wake akaongea. Kwa hiyo mtu angesema alisikilizwa, yameisha.

Hayakuisha. Walipotaka kuamua, Hook na mwakilishi wake walitolewa nje, lakini yule meneja, ambaye ndiye aliyekuwa mshtaki, alibaki ndani na wanakamati. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ilifuta uamuzi ule. Mshtaki hawezi kukaa chumba kimoja na waamuzi wakati mshtakiwa yuko koridoni. Jaji Denning akaongeza kwamba adhabu yenyewe ilikuwa kubwa mno kwa kosa lile: kumnyima mtu riziki ya maisha kwa sababu ya mkojo.

Nimeikalia kesi hii kwa sababu najua kitakachofuata tukianza kudai kusikilizwa. Ofisi zitajifunza kuitisha vikao vya maigizo. Utaitwa Jumatano saa nne kwa simu iliyopigwa Jumanne jioni, utakuta afisa aliyekufungia ameketi kulia kwa mwenyekiti, utaongea dakika tatu, utashukuriwa. Kikao cha namna hiyo kitambueni mapema. Uliza: tuhuma nimepewa kwa maandishi, kwa siku za kutosha kujiandaa? Nimeonyeshwa ripoti ya ukaguzi inayotumiwa dhidi yangu? Nani anabaki chumbani nikitoka? Andika majina ya waliobaki, na saa.

Mtaniuliza, haya ya Barnsley na Colombo yanatuhusu nini? Mahakama zetu zilirithi misingi hii kutoka sheria ya Kiingereza, na hukumu za huko hazitufungi ila zinaweza kushawishi. Lakini sisi tuna kitu kizito zaidi ya ushawishi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inasema haki na wajibu wa mtu vinapohitaji kuamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Chombo kingine. Halmashauri ikiketi kuamua leseni yako, imo humo. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts, ilisema haki ya asili kwetu si msingi wa mapokeo tu bali ni haki ya msingi ya kikatiba.

Na kuna ile ya Abbas Sherally, ombi namba 33 la mwaka 2002, ambayo inaua utetezi unaopendwa kuliko wote. Utetezi wenyewe mnaujua: "Hata tungemsikiliza, tungefuta tu, duka lilikuwa chafu." Mahakama ya Rufani ilisema uamuzi uliotolewa kwa kuvunja haki ya kusikilizwa utabatilishwa hata kama uamuzi ule ule ungefikiwa baada ya kumsikiliza. Hamhitaji kuthibitisha kwamba duka lilikuwa safi. Mnathibitisha kwamba hakuna aliyemuuliza.

Ila ofisi nayo ina hoja zake, na baadhi ni za kweli. Kukiwa na kipindupindu mtaani na maji ya kibanda yana shida, hakuna jaji atakayesema afisa afya asubiri siku 14 watu wakiugua. Anaweza kusimamisha leo. Lakini kusimamisha si kufuta: unasimamisha kwa dharura, unaeleza sababu, unamsikiliza mtu haraka, ndipo unaamua. Dharura pia inaonekana kwa mwendo wa ofisi. Anayesema hatari ilikuwa kubwa hadi akashindwa kuandika barua, halafu hajaleta mkaguzi hata mmoja kwa wiki sita, anajisuta mwenyewe. Vilevile kusikilizwa si lazima kuwe na kikao cha viti na vipaza sauti. Barua ya tuhuma na nafasi ya kujibu kwa barua inaweza kutosha, kulingana na uzito wa jambo.

Basi mama afanye nini? Tulivyokaa naye, kitu cha kwanza kilikuwa tarehe. Maombi ya mapitio ya mahakama dhidi ya uamuzi wa ofisi ya umma, kwa kanuni za mwaka 2014, yanaanza kwa kuomba kibali Mahakama Kuu ndani ya miezi 6 tangu siku ya uamuzi. Kibali kikitoka, maombi yenyewe yanafunguliwa ndani ya siku 14. Miezi 6 inaonekana mingi hadi uanze kuzungushwa na "bosi yuko semina". Nimeona watu wanaopewa ahadi za mdomo hadi mwezi wa saba, halafu ofisi inawajibu kwa adabu kubwa kwamba wamechelewa.

Kwa hiyo akaandika barua fupi, bila matusi na bila neno siasa. Anaomba mambo matatu: sababu za kufutiwa kwa maandishi, nakala ya ripoti yoyote ya ukaguzi, na nafasi ya kujieleza. Akaambatisha ile picha ya tangazo na nakala ya stakabadhi. Aliipeleka nakala mbili masijala, moja ikabaki huko, nyingine akarudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua bila muhuri ni stori tu. Barua hii inafanya kazi mbili: ofisi ikijibu vizuri, huenda leseni ikarudi bila kesi, na ikikaa kimya, ukimya wenyewe ni ushahidi. Tulikagua pia kama sheria iliyotumika inatoa njia ya rufaa kwa mamlaka ya juu, kwa sababu jaji atauliza kwa nini umeiruka kuja kwake.

Mahakamani kuna amri tatu za kuombwa, na katika hali hii ya kwanza ndiyo kubwa: kuufuta uamuzi. Nyingine ni kuilazimisha ofisi itimize wajibu wake, na kuizuia isiendelee na isichoruhusiwa. Unaweza pia kuomba uamuzi usitekelezwe wakati shauri linaendelea. Kwa mwenye duka hilo la mwisho ni la maana kuliko mawakili wengi wanavyolichukulia, kwa sababu nafaka inabunguliwa na mkopo hausubiri hukumu.

Na hapa nawaomba muwe wakweli kwa watu mnaowasaidia. Jaji akifuta uamuzi, hasemi mama apewe leseni milele. Anasema halmashauri ilikosea njia. Ofisi inaweza kuanza upya: ikaandika tuhuma, ikampa siku 14, ikamsikiliza, na ikafuta tena kama kweli ina sababu na sheria inaruhusu. Matarajio halali katika kesi kama hii yanalinda kusikilizwa, hayampi mtu kinga ya kuuza kwa mizani iliyochezewa. Wapo watakaosema sasa ushindi gani huo. Mimi naona ni mkubwa. Safari ya pili afisa atalazimika kuandika sababu na kuweka jina lake chini yake. Mara nyingi sababu hiyo haiandikiki. Na kama itaandikwa ya uongo, hapo ndipo ile hoja yetu ya siasa inapata kitu cha kushika: tarehe ya kikao chetu, tarehe ya barua, na maduka ya jirani yenye kasoro zile zile ambayo hayakuguswa.

Kwa hiyo kwenye matawi, kabla hamjapiga picha ya kufuli, pigeni picha ya leseni, ya stakabadhi, ya matangazo yote ya ubaoni, na ya barua ya kufuta ikiwa na tarehe. Kama mgambo wamechukua leseni ukutani, andikeni siku hiyo hiyo nani alikuja, saa ngapi, alisema nini, na jirani gani alikuwepo.

Barua ya mama ina siku 23 tangu ipigwe muhuri masijala. Haijajibiwa. Wakili ameshaanza kuandaa kiapo cha kuombea kibali, na siku za miezi 6 tunazihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwake, pale pale ilipokuwa imetundikwa leseni.